Ajali Haina Kinga, Kichwa Kinayo



Juma hili sitaanza na kitabu, nitaanza na kofia. Nilikwenda kumzuru kijana mmoja wa mtaani petu, mwendeshaji bodaboda, ambaye zamani alikaa mbele yangu chuoni akisoma juzuu ya Amma. Alikuwa ameanguka usiku baada ya Isha, akirudi nyumbani peke yake, pikipiki ilipopanda tuta la barabarani ambalo hakuliona. Nilimkuta amelala ukumbini kwa mamake, kichwa kimefungwa bandeji, na chini ya bandeji mna nyuzi tisa. Juu ya meza kando yake palikuwa na helmeti yake. Ilikuwa haina hata mkwaruzo. Nyuma yake ilikuwa na stika ya rangi ya manjano, safi kama siku iliyobandikwa, imeandikwa: AJALI HAINA KINGA.

Nikamwuliza, “Mwanangu, ilikuwaje kichwa kikapasuka na kofia ikasalimika?” Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa haya, “Sheikh, sikuwa nimeufunga ule ukanda wa kidevuni. Nilipoanguka iliruka, ikaenda kutua kwenye nyasi.” Mamake, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, hakuinua uso. Alisema tu, “Kofia yenyewe iliyasoma yale maneno, ikaamini, ikaenda zake.”

Tulicheka, na mgonjwa naye akacheka akishika kichwa kwa maumivu. Lakini njiani nikirudi maneno yale ya stika hayakunitoka. Nimeyaona nyuma ya pikipiki nyingi za mji wetu wa Mombasa, na kila mara nimepita bila kuyafikiri. Leo nataka tuyafikiri, kisha nikusimulie jinsi kijana yule, mamake na mimi tulivyokaa barazani kumtafutia maneno mengine.

Mithali ni ya kweli, lakini si kwa maana aitakayo mwenye kuibandika. Neno ajali tumelitoa katika Kiarabu, na katika Kiarabu ajal ni muda uliowekwa, kikomo. Neno hilo limo katika Qur'ani mahali pengi kwa maana hiyo: siku ya deni kulipwa ni ajal, na siku ya mja kuondoka duniani ni ajal. Wazee wetu waliposema ajali haina kinga, walimaanisha kwamba siku ya mtu ikifika hakuna ngao wala mganga. Baadaye Kiswahili kikalipanua neno, likawa pia ni kugongana, kupinduka na kuanguka. Mithali ikabaki na maneno yake, maana ikageuka chini yake. Sasa kijana asoma “ajali haina kinga” na kuelewa kwamba kuanguka na pikipiki hakuna kinga. Hilo si kweli. Kuanguka kuna kinga nyingi, na moja yao ilikuwa mezani pale, nzima, imefungwa na hakuna.

Na tusidhani kuwa kujikinga ni upungufu wa kutawakali. Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas bin Malik, Allah amridhie, habari ya mtu aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, kuhusu ngamia wake: je, amfunge na kutawakali, au amwache huru na kutawakali? Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Kila mara nikiisoma habari hiyo sasa namwona ngamia yule ana magurudumu mawili. Na kamba yake ni ule ukanda wa kidevuni.

Majuma machache baadaye, nyuzi zikiwa zimeshatolewa, kijana alinijia baada ya Alasiri. Alikuwa amenunua helmeti mbili mpya, moja yake na moja ya abiria, kwani sheria ya barabara ya Kenya yataka wote wawili wavae, na abiria asizidi mmoja. Akaniambia, “Sheikh, ile stika ya zamani nimeibandua. Lakini kofia tupu haina uso. Nipe maneno ambayo watu watacheka, na wakimaliza kucheka wafanye.” Nikaona hilo ni swali la elimu kamili, nikamwambia twende kwa mamake, kwa sababu katika jambo hili yeye ndiye mwalimu.

Mama yule ana sanduku la kanga, na ajua jina la kila kanga iliyomo, na wengine wasema ajua pia kila jina lilimlenga nani. Mji wetu una historia katika sanaa hiyo. Katika Mtaa wa Biashara lipo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, na alama ya “Mali ya Abdulla” iliyomo katika kanga zake imeingia nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Jina la kanga ni maneno machache, mara nyingi vipande viwili vinavyopimana kama mizani, na hayamtaji mtu, ila anayehusika hujijua. Hiyo ndiyo nguvu yake. Mtu hukataa kuamrishwa, lakini fumbo lenye kichekesho huingia kabla hajafunga mlango.

Mama akatufundisha jambo la kwanza. “Kabla hujaniambia unataka kuandika nini,” alisema, “niambie atakayesoma ni nani, na atasoma akiwa wapi.” Kanga husomwa na jirani aliyekaa mkekani, ana muda wa kuifikiri hadi magharibi. Stika ya pikipiki husomwa kwa kupepesa jicho. Tena pikipiki haina msomaji mmoja. Yuko abiria, ambaye uso wake uko karibu na kisogo cha mwendeshaji. Yuko dereva anayefuata nyuma. Na yuko mwendeshaji mwenyewe, ambaye hakioni kisogo chake wala taa yake ya nyuma, kwa hiyo maneno yaliyobandikwa huko hayamfai yeye hata kidogo. Stika nyingi za mjini hukosea hapo: humwambia dereva wa nyuma jambo linalomhusu abiria, na humwambia abiria jambo linalomhusu mwendeshaji.

Tukaanza na abiria. Mwenye bodaboda yeyote atakwambia kwamba abiria akipewa helmeti huishika mkononi, au huitia kiwikoni kama kikapu cha sokoni. Huyu atoa udhuru wa joto, yule wa nywele, na wa tatu wa umbali, kwamba ni hapo tu. Kwa hiyo maneno ya kwanza tuliyapanga mbele ya helmeti ya abiria, pale ambapo macho yake yataangukia wakati anapoipokea:

MKONONI MZIGO, KICHWANI MLINZI.

Mama aliyapima kwa kuyasema mara tatu, akaridhika. Yana vipande viwili, hayamtukani mtu, na aliyeiweka helmeti mapajani akishayasoma hujiona anabeba mzigo usio na ujira.

Ya pili yalihusu ukanda. Hapa kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa na ilimu, kwa kuwa alikuwa ameilipia. Helmeti isiyofungwa si nusu ya kinga. Mara nyingi si kinga kabisa, maana pigo la kwanza laiondoa, na pigo la pili lakikuta kichwa kitupu. Ukanda hufungwa ukabane kidevu hata visiingie vidole zaidi ya viwili baina yake na ngozi. Kisha mtu aishike helmeti kwa nyuma, penye ukingo wa chini, na aisukume kwenda juu na mbele. Ikiweza kuvuka kichwa na kutoka, basi ni kubwa mno au ukanda umelegea, na barabara itafanya hivyo hivyo kwa nguvu zaidi. Kijana akasema, “Basi na iseme yenyewe.” Akaandika, na sikubadili hata herufi:

NIFUNGE, AU NITAKUACHA NJIANI.

Haya yalikwenda ubavuni mwa helmeti, karibu na mahali ukanda unapoanzia, ili mkono unaposhika kofia jicho lione pa kwenda.

Ya tatu yalikuwa ya wanawake wetu, na mama aliyadai yeye. Alisema amewahi kushuhudia kwa macho yake ncha ya buibui ikivutwa na gurudumu la nyuma, mwenye buibui akavutwa nayo. Jambo hili ni la kwetu sisi kuliko wengine, na halizungumzwi vya kutosha. Kitambaa chepesi kinachopeperuka huingia katikati ya spoku au penye cheni, na kikishashikwa hakirudi. Kila mzunguko wa gurudumu wakiongeza mvuto, na hata mwendo wa polepole watosha kumwangusha mtu. Baadhi ya pikipiki zitengenezwazo India huja na kizuizi cha chuma ubavuni mwa gurudumu la nyuma, kwa sababu huko wanawake wa sari wana hatari hiyo hiyo. Ukiona kimeng'olewa, jua kwamba kinga imeng'olewa. Lakini kizuizi chalinda upande mmoja tu. Kilicho salama ni mwanamke kukusanya buibui, mtandio na ncha za kanga, akazikunja na kuzikalia au kuzibana mapajani, na mwendeshaji asiondoke mpaka ageuke na kuangalia. Mama akasema gurudumu halimjui bibi wala binti. Tukaishia hapa:

KUSANYA BUIBUI, GURUDUMU HALINA HAYA.

Haya yaliwekwa kisogoni mwa helmeti ya mwendeshaji. Mama mwenyewe alikuwa na shaka: si aibu mwanamume kuwa na neno buibui kichwani? Nikamjibu kwamba aibu ni kulinyamazia. Kisha msomaji wa kisogo hicho ni abiria peke yake, naye atayasoma pale tu anapoketi, kabla chombo hakijaondoka. Wakati wenyewe ndio huo.

Na hapa niseme neno kwa wanaovaa hijabu chini ya helmeti. Fundo la nywele lililokaa kisogoni huiinua helmeti, ikabaki imekaa juu kama kifuniko cha sufuria ndogo. Nywele na zifungwe chini, kwenye shingo, na mtandio ulazwe bapa. Pini ziondolewe kichwani kabla ya kuvaa, kwani kitu chenye ncha kilichobanwa baina ya helmeti na fuvu ni hatari wakati wa pigo.

Kijana akanigeukia akicheka kwa adabu. “Na masheikh je?” Nilijua analokusudia. Mara nyingi amenipandisha kwenda maziarani, nami nimekuwa nikiishika helmeti mkononi kwa sababu sikutaka kuivua kofia yangu ya vito wala kuikunja. Nilikuwa nikimwambia ni hapo tu. Nikakubali kosa langu mbele ya mamake, na adhabu yangu ikawa niyatunge mwenyewe maneno ya kunisema:

KOFIA YA SWALA MFUKONI, YA SAFARI KICHWANI.

Yamebandikwa upande wa pili wa helmeti ya abiria. Tangu hapo nimepanda mara kadhaa, na kofia yangu imekunjika, na swala yangu haikupungua kitu.

Baada ya abiria tukamwendea dereva anayefuata. Hapa kijana alitaka sentensi ndefu, ya kufurahisha foleni ya Buxton pale magari yanapoganda kabla ya daraja la Nyali. Nikamwambia tupige hesabu kwanza. Kanuni ya waandikaji mabango ni kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka kwa raha kutoka takriban mita 3. Sasa gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Anayefuata atakiwa aache nafasi ya sekunde mbili angalau, ambayo kwa mwendo huo ni mita 22. Ili herufi isomeke kwa raha kutoka mita 22, yataka iwe na kimo cha sentimita 18 hivi, yaani karibu shibiri nzima. Madigadi ya nyuma ya pikipiki haina nafasi hiyo hata kwa neno moja fupi. Kwa hiyo sentensi ya kuchekesha iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pikipiki, ikiwa chombo kiko mwendoni, humwita dereva akaribie aisome. Kichekesho kikawa chambo.

Tulikaa tukilitazama tatizo hilo mpaka mama akaleta chai. Kisha ikatudhihirikia kwamba tatizo lenyewe ndilo kichekesho. Ikiwa ni yule aliyekaribia mno tu ndiye awezaye kusoma, basi na asome hilo:

UKINISOMA VIZURI, UMENIKARIBIA VIBAYA.

Herufi tulizipa sentimita 2.5. Foleni ikisimama, dereva wa matatu atasoma na kutabasamu bila madhara. Foleni ikienda, aliye mbali haoni kitu na hahitaji kuona, na aliye karibu atajisoma mwenyewe. Usiku maneno hayasaidii sana, na kwa hiyo tulikubaliana kwamba chini ya stika hiyo ukae mkanda wa kuakisi mwanga, mwekundu, usio na neno lolote. Dereva wa usiku hahitaji mithali. Ahitaji kujua kwamba mbele yake kuna kiumbe.

Kuna maneno niliyoyakataa, na ni amana niyataje. Mwenzake mmoja wa steji alipendekeza kwa ajili ya wale wanaotaka kupanda watatu: mimi na wewe, wa tatu ni shetani. Wote walicheka, nami karibu nicheke. Lakini hayo ni maneno yaliyochukuliwa katika hadithi ya Mtume, rehema na amani zimfikie, yenye makusudio yake, na hadithi haifanywi mzaha wa kuuzia safari. Tukaweka badala yake lugha ya barabarani, ambapo kupakia abiria wawili au watatu huitwa mishikaki:

MISHIKAKI NI YA JIKONI, SI YA PIKIPIKI.

Kwa sababu hiyo hiyo nilimwomba asibandike aya za Qur'ani wala majina ya Allah kwenye madigadi na helmeti. Najua nia huwa njema. Lakini madigadi hurushiwa matope na maji ya mtaro, na helmeti huwekwa chini, hukaliwa, na huingia na mwenyewe msalani. Dua ya kupanda chombo mahali pake ni ulimi, na haina gundi wala gharama. Isomwe kabla ya kuwasha mtambo, baada ya kufunga ukanda. Huo ndio mpango wa ngamia.

Alibaki mwendeshaji mwenyewe. Yeye asome wapi? Tulikubaliana ni juu ya tangi la mafuta, penye macho yake anapokaa na kuingiza ufunguo, wala si karibu na kipima mwendo, ili asiinamishe macho akiwa njiani. Mwendeshaji huharakishwa na mambo mawili: abiria aliyechelewa, na hesabu ya mwenye pikipiki jioni. Haya hayaondolewi na stika. Lakini mithali yetu ya haraka wote twaijua mpaka hatuisikii tena, na mama akasema ikiongezwa mkia itasikika:

HARAKA HAINA BARAKA, INA PLASTA.

Kijana aligusa kovu lake akasema hii hatahitaji kuisoma, atakuwa akiikumbuka. Hata hivyo ilibandikwa.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji stika nilimpa tahadhari ambazo nawapa na nyinyi. Ganda la helmeti nyingi ni plastiki, na plastiki hiyo hudhoofishwa na rangi, gundi kali na petroli. Dalili haionekani nje. Ganda laweza kung'aa na huku limeshakuwa kavu na lepesi kuvunjika. Basi stika iwe ndogo, ya gundi yake yenyewe, na watengenezaji wa helmeti wakiwa wameandika ndani kwamba isibandikwe kitu, neno lao litangulie langu. Anayetaka kubandua stika ya zamani asiisugue kwa petroli, kama wanavyofanya wengi steji. Maji ya uvuguvugu na sabuni na subira vyatosha. Kioo cha usoni kisibandikwe chochote. Wala stika isifunike taa ya nyuma, kiakisi mwanga au nambari ya usajili, kwani neno la usalama likiziba taa limekuwa adui wa maana yake.

Tena helmeti iliyokwisha kupigwa haifai kupambwa. Ndani ya ganda mna tabaka la povu gumu, nalo hufanya kazi kwa kusagika: hulipokea pigo kwa kubonyea ili fuvu lisibonyee. Likishabonyea halirudi. Kuna watu hufunika ufa wa helmeti kwa stika nzuri. Ukinunua helmeti ya mkono wa pili, tazama chini ya maneno. Hata ile ya kijana iliyotua kwenye nyasi, ijapokuwa haikuwa na mkwaruzo, hatukujua ilikotua kwanza, ndiyo maana aliiacha na kununua nyingine.

Nikiri pia mpaka wa haya yote. Maneno hayalizibi shimo la barabara, hayaipaki tuta rangi ili lionekane usiku, na hayamzuii dereva mlevi. Baada ya siku kadhaa jicho huzoea stika lisiione tena, kama tulivyoizoea ile ya zamani. Mama alisema hata kanga hubadilishwa. Kwa hiyo kijana atakuwa akizibadilisha kila baada ya miezi michache, na ameniomba wasomaji wa ukurasa huu wamtungie nyingine. Masharti ni yale ya mama: utaje atakayesoma ni nani, atasoma akiwa wapi, na uwe na vipande viwili.

Ilibaki nafasi moja tupu, ubavuni mwa helmeti yake mwenyewe. Nikamwuliza msomaji wa hapo ni nani. Akafikiri, akasema, “Ni wenzangu wa steji, Sheikh. Tukikaa kungoja abiria tumepangana ubavu kwa ubavu, na pikipiki nne pale zina ile stika ya manjano.” Hakutaka kuwaambia kwamba wamekosea, kwa sababu mithali ni ya wazee na ni ya kweli. Alitaka kuikamilisha. Mama aliacha kupepeta, na kwa mara ya kwanza akashika kalamu yeye mwenyewe:

AJALI HAINA KINGA, KICHWA KINAYO.

Jana baada ya Magharibi kijana alinichukua kunipeleka maziarani. Nilipopanda nikakunja kofia yangu mfukoni, nikavaa ile ya safari. Tukangoja. Nikamwambia, “Haya, twende.” Hakuwasha. Alikuwa akinitazama katika kioo cha pembeni, na ukanda wangu ulikuwa unaning'inia. Nikaufunga, nikapitisha vidole viwili, tukasoma dua, ndipo akawasha.